Mama Kwani Atoa Shukrani

Jina lake halisi wanalijua mumewe na watu wa pensheni. Wengine wote wanamwita Mama Kwani, kwa sababu hajawahi kuuliza swali lisiloanza na neno hilo. Miaka thelathini na moja alikaa mapokezi ya zahanati, akiandika wagonjwa kwenye rejesta na kuwauliza hata yale ambayo rejesta haikuyataka. Kwani shemeji yako alishahama? Kwani huo mguu uliuvunjia wapi? Watu walinung'unika, lakini walijibu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mama huyu alikuwa amejifunza kijiji kizima.

Mtu mmoja tu alikuwa hamjibu tena: wifi yake, dada wa mumewe. Walikuwa na mwaka mzima hawasemeshani, na kisa chenyewe kilikuwa karatasi ya shukrani.

Kila mwaka madaktari na wauguzi huja kwa siku moja kutibu watu bure pale shuleni. Wanakijiji hujitolea kupanga madawati, kuelekeza foleni na kuteka maji. Jioni, kabla gari la wageni halijaondoka, mtu husimama kuwashukuru wote. Mwaka jana mwenyekiti wa kijiji alisoma orodha aliyoandaliwa na Mama Kwani, naye aliinakili kutoka daftari la mahudhurio, kama karani yeyote mwenye akili. Lakini daftari lilifunguliwa saa moja. Wifi na wenzake watano walikuwa wameteka maji tangu alfajiri, wakajaza mapipa yote, wakaenda kuoga. Hawakusaini popote. Basi akashukuriwa hata bwana aliyeleta viti na kushinda amekalia kimojawapo, wenye maji wakaachwa. Wifi alikuwa amesimama pale na gauni lake la kutokea. Alisema tu, "Shukrani ya punda ni mateke," akaenda zake.

Mwaka huu mwenyekiti hakutaka hata kuiona karatasi. "Uliharibu mwenyewe, utengeneze mwenyewe," alimwambia. "Utasema wewe."

Mama Kwani akaona hapo ndipo pa kumrudisha wifi, au kumpoteza kabisa. Lakini wifi hakuja kuteka maji. Alikuja kama mgonjwa, mapema, akafika meza ya usajili na kutaja jina lake kama vile hawajawahi kula chungu kimoja. Akaandikwa kwenye kadi, akapewa kikaratasi cha namba tisa.

"Kwani unaumwa nini?" Mama Kwani alijaribu.

"Nitamwambia daktari."

Yaliuma maneno hayo, lakini kazi ilikuwa mbele. Mchana alimwachia mwalimu usajili, akaanza kuzunguka. Safari hii hakutaka daftari limwambie nani amefanya nini. Alikwenda meza kwa meza, kalamu mkononi. Kwenye vipimo vya awali aliuliza kwani kwa nini watu wanakalishwa dakika tano kabla ya kupimwa presha, akaambiwa aliyetoka kutembea juani humdanganya mpimaji. Maabara aliuliza tone la damu linatosha kusemea nini. Dirisha la dawa alikuta wawili: mmoja anahesabu vidonge, mwingine anahesabu tena kabla ya mgonjwa kukabidhiwa. Alimwandika aliyefagia vyoo, na dada aliyewaeleza wasiojua kusoma kwamba dawa hii ni asubuhi na ile ni usiku. Mfamasia akamuuliza kama anaandika shukrani au anatafuta ajira.

Saa kumi daktari mkuu akamwita pembeni. Kijana kwa umri, ila macho yamemchoka.

"Mama, ukisema, usizidishe dakika kumi. Hawa wamesimama tangu asubuhi. Taja kazi ya mtu, usitaje ugonjwa wa mtu. Na uwakumbushe wenye barua za rufaa kwamba bila kwenda hospitali, leo hatujawasaidia."

"Kwani wangapi wametibiwa?"

Daktari akacheka. "Kadi ziko dirisha la dawa. Hesabu."

Akahesabu. Waliosajiliwa mia mbili na kumi na wawili, kadi zilizorudi mia mbili na kumi na moja. Mtu mwingine angesema mia mbili na ushee, akamaliza. Mama Kwani alikaa chini akalinganisha majina moja moja na rejesta. Kadi iliyokosekana ilikuwa ya wifi yake.

Alikwenda mbio kwa muuguzi wa presha. "Kwani namba tisa hamkumwita?"

"Tulimwita. Alikuwa yule mama mwenye mtoto aliyezidiwa."

"Yule alikuja saa tatu. Nilimpa themanini na saba kwa mkono wangu."

Muuguzi akasema wao huita namba tu. Aliyejua ni kinyozi aliyeshinda ameshika kamba ya foleni. "Shangazi, huyo wifi yako, alimpa yule mama namba yake, akachukua ile ya mtoto," alisema. "Ilipokaribia, akampa mzee aliyekuwa anahema vibaya, akachukua ya mzee. Ikawa hivyo mara nne, mpaka akabaki na namba ya mwisho. Nilimwambia shangazi, utakosa. Akaniambia nishike kamba yangu. Ilipoitwa ya mwisho, alikuwa amemsindikiza mjamzito mmoja nyumbani."

"Kwani sasa yuko wapi?"

Kinyozi akaonyesha kwa kidevu. Wifi alikuwa amerudi, amekaa benchi la nyuma na wanakijiji wengine, anajipepea na kadi yake.

Gari lilikuwa tayari linapakiwa. Mama Kwani akasimama mbele ya darasa, karatasi mkononi. Akaanza na mapipa. Akasema mwaka jana maji yalitekwa na wanawake sita kabla ya jogoo kuwika, na yeye ndiye aliyewaacha, akawataja mmoja mmoja. Kisha akaingia kwenye ya mwaka huu, kazi kwa kazi, mpaka mfagia vyoo akainamisha uso kwa haya. Akawasisitizia wenye rufaa. Mwisho akakunja karatasi.

"Kuna mtu mwingine leo ametoa nafasi yake kwenye foleni mara nne. Yeye hakuonwa na daktari hata mmoja. Sitaki tumpigie makofi. Namuomba muuguzi ashushe mashine ya presha garini."

Dereva akaguna. Muuguzi alikuwa ameshafungua boksi. Wifi hakusogea mpaka watu wote walipomgeukia, ndipo akainuka polepole, akapita katikati ya madawati bila kumtazama mtu, akaingia chumba cha pili na daktari. Mlango ukafungwa.

Walimkalisha dakika tano, wakapima, wakangoja, wakapima tena. Mama Kwani alikaa kwenye ngazi nje. Katika maisha yake hakuwahi kutamani kujua kitu kama siku ile, na aliogopa sana. Muuguzi alipotoka hakumuuliza. Daktari alipotoka hakumuuliza.

Wifi alitoka wa mwisho, bahasha mkononi. Akamnyooshea.

"Nisomee," alisema. "Miwani sina."

Ilikuwa barua ya rufaa. Presha mia na tisini kwa mia na kumi, mara zote mbili. Ameanzishiwa dawa, afike hospitali kesho asubuhi bila kukosa. Mama Kwani aliisoma yote kwa sauti ndogo ili wanaopita wasisikie, mpaka tarehe na sahihi.

"Kichwa kinaniuma tangu wiki ya juzi," wifi alisema. "Sikuwa na wa kumwambia."

Mama Kwani akaikunja barua akaitia kwenye mkoba wake mwenyewe.

"Gari la saa kumi na mbili," alisema. "Nitakupitia."

"Pitia mapema," wifi akasema. "Nitakuwa nimeteka maji ya kuoga, yako na yangu."