Wiki Nne za Wezi Kumwenda

Wezi Kumwenda, mwanafunzi wa sheria, alikuwa amebakiza wiki nne kabla ya mitihani. Mwaka uliopita alianguka somo la sheria ya madhara, ile ya kumdai fidia aliyekuumiza kwa uzembe wake, akaambiwa arudie mwaka. Akianguka tena, chuo cha Zomba kitamng'oa. Wanafunzi walikuwa na neno lao: kupaliliwa, kama gugu.

Jumatatu asubuhi alibandika ratiba ukutani. Wiki ya kwanza mkataba, ya pili madhara, ya tatu jinai, ya nne kupitia yote. Ilikuwa na rangi tatu na ilipendeza.

Limbani Chisale, aliyesoma naye darasa moja, aliiona alipokuja kuazima kitabu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, sajini wa polisi aliyeacha kazi akaja kusoma.

"Mdogo wangu, hii ni ratiba au kitenge?"

"Cheka tu, Sajini. Wewe yako iko wapi?"

"Kichwani. Haya, funga daftari. Fundi kaangusha tofali, limempata mama sokoni. Andika, dakika arobaini na tano."

Wezi aliandika kurasa nne. Limbani alizisoma polepole, kisha akaacha utani.

"Umenieleza uzembe ni nini tangu enzi za babu. Huyo mama na tofali lake wako wapi?"

Wezi alitafuta. Mama alitajwa mara moja, kwenye mstari wa mwisho. Hivyo ndivyo alivyoanguka mwaka jana, na mwaka mzima hakuwa amejua.

Alibandua ratiba yake. Aliona na kosa la pili: mkataba wa wiki ya kwanza ungekuwa umeshamtoka kichwani siku ya mtihani. Akapanga upya. Kila siku angegusa masomo mawili, na lile gumu angelifanya asubuhi, akili ikiwa mbichi. Wiki ya kwanza alijibu maswali ya miaka ya nyuma bila daftari, ili ajue wapi hajui. Ya pili akaziba mashimo hayo, kila mada akiifupisha iingie ukurasa mmoja. Ya tatu ilikuwa ya swali moja kila siku, akijipimia dakika kwa saa, na ya nne ya mitihani kamili.

Lakini wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, tarehe za mitihani zilibandikwa ubaoni. Madhara ilikuwa ya kwanza, Jumatatu mara tu wiki nne zikiisha. Jinai kesho yake. Mkataba, somo alilolipenda, Ijumaa.

Mvua ya chiperoni, ile ya manyunyu na baridi, ilikuwa ikinyunya, naye akasimama nje bila mwavuli, akizisoma tarehe tena.

"Sikiliza," Limbani alimwambia. "Madhara imekuja mapema, basi tuchague. Mwalimu huyu hajatoa swali la fidia ya mshtuko wa akili miaka miwili. Atatoa. Tusome huo, na kashfa, na kero ya jirani. Mengine tupa."

"Na asipotoa?"

"Atatoa! Na jinai usinifundishe, nimekamata watu miaka kumi na mitano."

Kishawishi kilikuwa kikubwa. Wezi alihesabu siku: kumi na moja. Alisogeza mkataba mbele, akauachia nusu saa tu jioni ili usimtoke, kwani ungepata siku zake baada ya Jumanne. Saa zote zilizobaki akaziweka kwenye madhara na jinai. Hakutupa mada hata moja, akamwambia Limbani hivyo.

"Haya," alisema Limbani. "Tutaonana huko."

Jumatatu alipogeuza karatasi, mshtuko wa akili haukuwemo. Swali la kwanza lilihusu kinu cha mahindi. Mkanda wa mashine haukufunikwa, mteja akapita nyuma ingawa alikatazwa, kitambaa chake kikanaswa, mkono ukavunjika. Safu tatu mbele yake, Limbani alikuwa ameshika kichwa.

Wezi alivuta pumzi, akaanza na yule mteja. Je, mwenye kinu alikuwa na wajibu kwake? Je, aliuvunja kwa kuacha mkanda wazi, na katazo la mdomo lilitosha? Je, huko ndiko kulikovunja mkono? Na mteja mwenyewe alichangia kiasi gani, fidia ipunguzwe? Dakika ya arobaini na tano aliweka nukta, akahamia swali la pili, ingawa alikuwa na la kuongeza.

Matokeo yalitoka Agosti. Mkataba sitini na nne, jinai hamsini na tano, madhara hamsini na moja, na alama ya kufaulu ilikuwa hamsini. Alisoma mstari ule mara tatu huku kidole kimeikandamiza karatasi.

Limbani alisimama kando yake. Madhara alipata arobaini na tisa, wakamwongezea moja akapita. Jinai alipata thelathini na nane; sasa yeye ndiye angerudia mwaka.

"Nimeandika jinsi ya kumkamata mtu," alisema kwa sauti ndogo. "Swali lilikuwa kama alikuwa na nia ya kuua."

Wezi alimshika mkono, wakaondoka ubaoni pamoja kuwapisha wengine waliokuwa wakisukumana nyuma.