Konsolata na Kinu cha Komeo Moja

Konsolata alijua kila kipuri kwa namba yake. Ujuzi huo aliupata stoo ya mashamba ya ngano ya serikali, ambako fundi akifika dirishani hasimulii shida zake. Anataja namba na saizi, anapewa, anaondoka. Mimi jirani yake hapa Katesh nilimtania kwamba hata kitunguu angeuliza kipenyo chake kabla ya kukinunua.

Alipoacha kazi ya stoo, Seifu, mfanyabiashara wa vipuri wa Arusha, alimpa kinu kipya cha kusagia nafaka akiuze. Sharti lilikuwa moja: Seifu akija tena na lori la kubeba ngano, akute kimenunuliwa. La sivyo kinarudi Arusha na uwakala unakwenda kwa mwingine. Kazi ya serikali alikuwa ameshaiacha, na dirishani pale alikuwa ameshakaa mtu mwingine. Aliogopa, na hakuficha.

Mnunuzi aliyemfaa alikuwa Tekla, mwenye duka na mashine ya kusaga karibu na uwanja wa mnada. Konsolata akamwendea siku ya mnada, siku ambayo Tekla hata jina lake mwenyewe hulisahau.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema haraka, mwanangu, nina watu."

Konsolata akamwaga ghala zima: unene wa bati, urefu wa nyundo za ndani, mizunguko kwa dakika, mlango wa komeo moja badala ya bolti nne. Tekla alipima sukari huku akiitikia kama mtu aliye kanisani akiwaza mboga jikoni.

"Sasa hiyo mizunguko mimi itanisaidia nini?" aliuliza.

"Kinasaga haraka zaidi, mama."

"Haraka si shida yangu." Akachukua spana, akafunga duka, akaenda mashineni.

Angekuwa mtu mwingine angenuna akaenda zake. Konsolata naye alinuna, lakini hakuondoka. Alikaa juu ya gunia akatazama.

Akina mama wa kijiji cha Dirma walikuwa wamefika na punda, wamebeba kimea cha pombe. Kimea kinataka chekeche lenye matundu makubwa, na kikishasagwa lazima kinu kifunguliwe kisafishwe, la sivyo unga wa ugali wa anayefuata unanuka pombe. Basi kila foleni ilipobadilika, bolti nne za kinu cha Tekla zilifunguliwa. Shemeji yake Tekla, Gervasi, ndiye aliyekuwa akimimina nafaka, lakini spana hapewi: mkono wake mzito ulikuwa umeshakata bolti mara kadhaa. Kwa hiyo Tekla mwenyewe alifunga duka, akafungua kinu, akasafisha, akafunga kinu, akafungua duka. Wateja wa dukani waligonga mlango, wakachoka, wakaenda kwenye duka la Shumbana ng'ambo ya barabara. Akina mama wa Dirma waliambiwa wangoje jioni, na wenye safari ndefu wakapakia kimea chao kama kilivyokuja.

Konsolata alisubiri watu wapungue. Safari hii alianza kwa swali.

"Mama, leo umefunga duka mara ngapi?"

Tekla alicheka kwa uchovu. "Nani anahesabu?"

"Kinu ninachokuuzia kina komeo moja mlangoni. Gervasi anazima injini, anangoja kisimame, anavuta komeo, anabadilisha chekeche, anafagia. Hakuna spana wala bolti ya kukata. Wewe unabaki dukani."

Tekla akaweka kibaba chini.

"Gervasi huyu huyu?"

"Huyu huyu. Na wale wa Dirma wanasagiwa mchana, wanafika kwao kabla ya giza."

"Mbona asubuhi hukusema hivyo?"

"Nilisema komeo, mama. Sikusema duka."

Tekla hakuahidi kitu. Alikubali kijaribiwe kwenye injini yake siku ya mnada mwingine, kikimfaa atanunua. Konsolata alinieleza kwamba usiku ule alilala vizuri, na mimi nikamwambia asifurahie mvua kabla haijanyesha.

Siku hiyo ya majaribio, lori la Seifu likaingia Katesh kabla Tekla hajatoa neno. Seifu alishuka na kukuta kinu kinanguruma, Gervasi anakifagia kwa majivuno kama mwenye mali, na punda wa Dirma wameshaanza safari. Akaenda dukani, akamsalimu Tekla, na kwa kuwa ni mtu wa vipuri akauliza kama watu wa vipuri wanavyouliza.

"Mama, mizunguko yake umeionaje?"

Tekla alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, sahani ya makande mapajani, kijiko mkononi.

"Mizunguko siijui, baba," alisema. "Ninachojua ni kwamba leo mnada umejaa, na mimi ninakula chakula cha mchana, mchana. Hicho kinu hakirudi Arusha."