Neno Hilo Nalirudisha

Mwanangu Masanja, Baba Kabula,

Mwangaluka, na salamu kwa wote wa nyumbani.

Kila nipitapo karibu na gunia la unga lililopata maji, siku moja ya ujana wangu hunishika mkono na kunirudisha nyuma. Leo asubuhi, hapa Shinyanga, nilipita dukani nikainusa harufu ile, na papo hapo nikakukumbuka wewe, mwanafunzi wangu. Ndiyo maana nimeketi kukuandikia kabla hata ya kunywa chai.

Shemeji yako amenifikia na habari zako. Amesema hutaki kurudi kwenye mkutano wa wakulima wa pamba. Safari iliyopita ulisimama kuwasemea akina mama wa kijiji chenu, wanaovuka mto na mizigo ya pamba kichwani hadi penye mizani. Ulitaka kuwaomba wajumbe mizani nyingine iwekwe upande wenu, ukasema, "Nawaamuru mfikirie wanawake wetu." Watu wakaangua kicheko. Mmoja akauliza, "Bwana Shauri mpya huyu wa serikali kaletwa lini?" Ukaketi. Mizani ikabaki ng'ambo. Sasa mkutano mwingine unakuja kabla ya mavuno, nawe unataka aende mtu mwenye Kiswahili kilichonyooka.

Nami nakuuliza, mwanangu: huyo mwenye Kiswahili kilichonyooka, mke wake huuvuka mto ule?

Usinijibu bado. Nisikilize kwanza.

Miaka ya vita vile vikubwa nilikuwa kijana mwenye mke na mtoto mmoja, nikifanya kazi mgodini upande wa Geita. Nilitoka kwetu na Kisukuma changu kitamu, na Kiswahili nilikiokota shimoni. Aliyenifundisha hakujua kuwa ananifundisha. Alikuwa mnyapara wetu, mtu wa sauti kama ngoma iliyopasuka. Kwake maneno yote yalikuwa amri. "Leta! Weka! Haraka! Acha!" Koleo likipotea alipiga kelele, "Mwizi!" Taa ikivunjika, "Mwizi!" Mtu akichelewa kushuka, alikuwa mwizi wa saa. Mafuta yakimwagika, mwizi wa mafuta. Basi mimi, kwa akili yangu ya mgeni, nikaweka moyoni kwamba hivyo ndivyo anavyoitwa yeyote ambaye kitu kimeharibika mikononi mwake.

Wakati wa masika unga wa posho ukaanza kuwa mchungu. Tulikuwa tukigawiwa ghalani, na ghala lilikuwa chini ya mkono wa Mzee Ramadhani, Mmanyema wa Ujiji, mtu mzima mwenye kofia nyeupe isiyojua doa. Ugali ukipikwa ulitoa harufu hata kabla haujaiva. Watoto wa kambi wakaanza kuumwa matumbo. Mwanangu Luhende alikuwa akilia mpaka sauti inakauka. Mke wangu Minza akaniambia, "Wenzako wamekuchagua uwe mdomo wao. Mdomo gani huo wa kula tu?"

Nikaenda mkutanoni. Msimamizi wa kambi alikuwa kwenye kiti cha mbele, wajumbe wa kila safu ya nyumba wamekaa kwenye mabenchi, na Mzee Ramadhani kando ya mlango. Nilipopewa nafasi nikasimama, jasho likinitiririka, nikamnyooshea mzee yule kidole nikasema, "Unga mbaya. Badilisha leo. Mzee huyu mwizi wa unga."

Nikaona nyuso zinabadilika. Kisha nyumba nzima ikalipuka. Watu wa Ujiji na Tabora wakasimama, Wasukuma wenzangu nao wakasimama, wale wakidai ushahidi, hawa wakinitetea bila kujua wanatetea nini. Mzee Ramadhani aliivua kofia yake, akaitazama, akaivaa tena, akatoka. Mkutano ukavunjika, na habari ya unga haikuzungumzwa tena. Hebu fikiri, mwanangu! Nilikuwa na haki mkononi, na neno moja likaipeperusha kama kapi.

Nyumbani nilimwambia Minza, "Sitasema tena Kiswahili mbele za watu. Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi."

Akageuza ugali ule ule mchungu, hakuniangalia. "Basi mwambie Luhende hivyo," akasema. "Mwambie tumbo lake lisubiri ulimi wa baba yake upone."

Kesho yake nikaenda ghalani. Nilipiga hodi, nikasema shikamoo, na marahaba iliyokuja ilikuwa nyembamba.

"Umekuja kumkamata mwizi?" akauliza.

"Nimekuja kuomba radhi, baba."

"Nilikuibia nini?"

Nikamweleza, kwa Kiswahili changu cha kuchechemea, jinsi unga unavyonuka, jinsi watoto wanavyoumwa. Nikamwambia kwamba yeye ndiye mwangalizi na unga umeharibika, kwa hiyo ni mwizi. Akakunja uso. Kisha uso ukakunjuka polepole.

"Neno hilo nani alikufundisha?"

"Mnyapara."

"Anapokuwa amefurahi, au amekasirika?"

"Sijapata kumwona amefurahi."

Mzee Ramadhani akacheka mpaka akashika nguzo. Kisha akawa mkali, na ukali ule ndio ulionijenga. "Sikiliza, kijana. Umevaa neno la mtu mwenye hasira ukaenda nalo kwa watu waliotulia. Neno halitembei peke yake. Lina watu wake na mahali pake. Ukiliokota, uliza: nani hulisema, humwambia nani, na akiwa katika hali gani? Usipouliza, utaingia arusini na panga." Akavuta pumzi. "Na kosa lako la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Uliona nyuso zimebadilika, ukanyamaza. Ungesema palepale, 'Neno hilo nalirudisha,' ningebaki kwenye kiti changu. Neno baya likirudishwa lingali bichi halina sumu. Likilala, huoza."

Akanipeleka nyuma ya ghala. Bati lilikuwa limetoboka, maji ya mvua yalishuka ukutani, na magunia yamelazwa sakafuni. "Nimemwambia msimamizi," akasema, "lakini mimi ni mmoja. Haya, niambie unachokiona. Usitafute maneno makubwa."

"Maji. Ukuta. Gunia chini."

"Unanusa nini?"

Sikuwa na neno. Nikatafuta, nikakosa. "Kama... nguo mbichi, mtu kaisahau kwenye beseni."

"Umesema!" akapiga makofi. "Neno likikukimbia, lizunguke. Sema kitu kinafanana na nini, kinafanya nini. Wanaojua watakupa jina lake. Ukipewa, usilipokee kwa kichwa tu. Litie kinywani mwako mbele yao, liwe lako."

Akanifanya niseme jambo lote kwa Kisukuma kwanza, ingawa yeye alikuwa hakijui vizuri, ili mimi mwenyewe nijue ninachotaka. Maana wengi, mwanangu, hudhani wamekosa maneno kumbe wamekosa shauri. Kisha tukalisema kwa Kiswahili, sentensi fupi fupi: tumeona hivi, tumepata hivi, tunaomba hivi. Hakunipa neno moja moja kama punje. Alinipa maneno na ndugu zake: naomba mnisikilize, nashauri tufanye hivi, sina hakika ila nimeona. Nilikuwa nikiyarudia njiani, nikiyarudia nikioga, mpaka Minza akawa ananijibu, "Haya mjumbe, tumekusikiliza, lete sabuni."

Mkutano wa pili ulipokuja, miguu yangu ilitaka kubaki nyumbani. Nilisimama, na kabla ya jambo lolote nikasema, "Mkutano uliopita nilimwita Mzee Ramadhani neno lisilo lake. Neno hilo nalirudisha. Nilitaka kusema unga umeharibika, wala sikusema hivyo kwa kumshuku mtu." Mzee akainamisha kichwa, kofia ikang'aa. Nikaendelea. Nikaeleza bati, maji, ukuta. Nilipofika kwenye harufu nikasema ile habari ya nguo kwenye beseni, na mabenchi yakajibu kwa pamoja, "Umevunda!"

"Ahsanteni," nikasema. "Unga umevunda. Watoto wanakula unga uliovunda."

Nikazidi kupata nguvu, na nguvu ikanitia shimoni tena. Nikasema, "Tunaomba magunia yatundikwe."

"Yatundikwe kama nyama buchani?" mtu mmoja akadakia, na watu wakacheka. Nikahisi moto masikioni. Lakini safari hii nilijua njia ya kutokea. Nikacheka nao, nikasema, "Hilo nalo nalirudisha! Nataka gunia likae juu ya mbao, maji yapite chini yake."

"Yainuliwe," Mzee Ramadhani akasema kutoka mlangoni.

"Yainuliwe," nikasema.

Msimamizi wa kambi akatoka na wajumbe, wakaenda kulitazama bati kwa macho yao. Unga ule ulimwagwa, bati likazibwa, magunia yakapandishwa juu ya mbao. Siku Luhende alipomaliza bakuli lake na kuomba lingine, Minza alinitazama akasema, "Mdomo wa kula, na wa kusema pia."

Sasa turudi kwako. Nawaamuru, neno hilo najua ulikolipata. Ulilisikia barazani, kwa tarishi akisoma matangazo ya serikali. Ulimwona kila mtu akinyamaza anaposoma, ukadhani ndilo neno la heshima. Hukukosa akili, mwanangu. Ulisikiliza vizuri, ila ulisikiliza mahali pamoja tu. Mbele ya wenzio walioketi sawa na wewe, sema naomba, sema nashauri, na jambo likiwa zito sana, sema nawasihi. Yapime maneno hayo kwa Mama Kabula kabla ya kuyapeleka mkutanoni. Akikuchekea, umepata mwalimu wa bure.

Jambo lako lijue kwanza kwa Kisukuma, hadi uweze kulisema huku unafunga ng'ombe. Nenda na maneno uliyoyasikia kwa watu waliotulia. Neno likikimbia, waeleze mto: kina chake kinafika wapi mwilini mwa mwanamke mwenye mzigo, na pamba ikilowa inakuwaje. Hakuna msamiati wa mjini utakaoshinda hilo. Ukikosea, usiketi. Sema, neno hilo nalirudisha, kisha litoe jingine. Na wakicheka, cheka nao kidogo, ila usiiache hoja yako ichekwe pamoja na ulimi wako. Kupotea njia ndiko kujua njia, na aliyekaa kimya hajapotea wala hajafika.

Anza hivyo hivyo mkutano utakapofunguliwa. Irudishe ile amri yako mbele ya wote, kisha uombe.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe pumzi ndefu na moyo usio na haraka. Akupe wasikilizaji wenye subira, na miongoni mwao awepo mmoja kando ya mlango wa kukupa neno utakapolikosa. Na mavuno haya, akina mama wa kwenu wafike penye mizani na nguo zao kavu.

Mimi mwalimu wako,
Maganga, Baba Luhende