Mtego wa Madamu Clermise

Kati ya darasa langu na la Madamu Clermise Estimable palikuwa na mbao nyembamba tu, na mbao ile haikuzuia kitu. Mimi nafundisha fizikia, natamka "kani", kabla sijamaliza sauti yake inapasua: "Ishara! Ishara iko wapi, nyie vichwa maji?" Darasa langu zima linaangua kicheko. Nimegombana naye kwa ajili ya sauti ile mpaka nikachoka. "Anel," ananiambia, "kama fizikia yako ingekuwa tamu, wasingesikiliza yangu." Sasa mwanamke kama huyo unamjibu nini?

Alikuwa mfupi, mkavu, gauni limepigwa pasi mpaka linakata, na kofia ya ukili ambayo aliivua mlangoni tu. Hakuolewa. Asubuhi alikula mkate na kahawa akiwa amesimama, mchana akala sima ya mahindi na maharage pale kwa mama muuza chakula, mkono wa kushoto ukiwa na chaki bado. Jumapili kanisani. Hayo ndiyo maisha yake, na aliyapenda, msidhani alihitaji kuonewa huruma.

Somo lake alilolipenda kuliko yote lilikuwa milinganyo yenye x kwa kipeo cha tatu. Wanafunzi wa kwetu hukariri wakitembea huku na huko uwanjani, wakisema kwa sauti kama watu wanaogombana na hewa. Ukipita pale jioni unawatambua wa Madamu Clermise, kwa sababu wote wanasema maneno yaleyale. Tafuta mteremko. Mteremko ukiwa sifuri, hapo mchoro unageuka. Kuna kilele, kuna bonde. Kilele kikiwa juu ya mstari wa sifuri na bonde likiwa chini yake, mchoro unaukata mstari mara tatu: mizizi mitatu. Vyote viwili vikiwa upande mmoja, unakata mara moja tu. Kimoja kikikaa kwenye mstari wenyewe, hapo unagusa mahali pamoja na kukata pengine: mizizi miwili, mmoja wake umejirudia.

"Kujua kwamba mchoro unageuka mara mbili hakutoshi," alikuwa akisema. "Mpumbavu anahesabu milima. Mwenye akili anauliza: uko juu ya maji au chini ya maji?"

Na kila mwaka alikuwa na mtego. Anaandika ubaoni: x kwa kipeo cha tatu, toa x saba, jumlisha saba. Mizizi mingapi? Wale wavivu wanaweka moja, wanapata moja. Wanaweka mbili, wanapata moja tena. "Mchoro umepita juu, Madamu! Mzizi ni mmoja, ule wa upande wa hasi!" Wale wanaojiona wajanja wanatafuta pale mteremko, yaani tatu x mraba toa saba, unapokuwa sifuri, wanapata kipeuo cha pili cha theluthi saba, wanakikata kiwe moja nukta tano, wanakiingiza kwenye mlinganyo kwa njia ya mkato, na wanapata sifuri kamili. "Miwili, Madamu!" Hapo ndipo anapowacheka mpaka anashika kiuno. Kwa sababu jawabu ni tatu. Bonde liko chini ya mstari, ila limezama kidogo tu, kama kikombe kilicholowa kitako tu.

Na alikuwa na sheria moja nyingine, ngeni kabisa shuleni kwetu ambako mtoto hamkosoi mwalimu. Yeye mwenyewe akikosea ubaoni, darasa zima lipige kelele: "Ishara!" Wazazi walilalamika. Mkuu wa shule alilalamika. Mimi nililalamika zaidi ya wote, maana watoto walianza kunipigia kelele na mimi.

Basi ugonjwa ukaja, taratibu. Kwanza chumvi kwenye kahawa, tukacheka. Halafu akaanza kumwita Wideline, msichana mrefu wa darasa la mwisho mwenye mdomo mkali, kwa jina la mama yake, ambaye Madamu alimfundisha zamani. Wideline akawa anaitika tu. Halafu nikamkuta siku ya Jumapili langoni mwa shule, kofia kichwani, amekasirika. "Huyu mlinzi kalala? Watoto wako nje!" Hapakuwa na mtoto hata mmoja. Nikamrudisha kwake nikimwambia habari za ovyo ovyo, na moyo unaniuma, jamani, unaniuma sana.

Mkuu wa shule, Bwana Ducasse Philogène, si mtu mbaya. Alifundisha historia, hesabu aliziacha utotoni. Alimwita Madamu ofisini, akamwambia apumzike. Madamu akamwomba kitu kimoja tu: amwachie darasa lile la mwisho mpaka mtihani wa serikali wa Julai. "Nimewaanza mimi. Niache niwafikishe." Mkuu akakuna kichwa. Mwisho wakakubaliana: atakuja kukaa darasani, asikilize somo moja. Likienda sawa, Madamu abaki mpaka Julai. Likiharibika, chaki anapewa mwingine. Na huyo mwingine ni mimi, nani tena?

Siku hiyo niliwapa wanafunzi wangu zoezi, nikasogeza kiti kwenye ule ukuta wa mbao ambao juu haufiki darini. Sikuona aibu. Nikapanda juu ya kiti, nikachungulia.

Mkuu alikaa nyuma, mguu juu ya mguu. Madamu aliingia amenyooka, akavua kofia, akaandika ubaoni. X kwa kipeo cha tatu, toa x saba, jumlisha saba.

Nilifurahi. Mtego wake! Huo hata usingizini hawezi kuukosea, nikajisemea. Ila nikaona watoto wanatazamana. Walikwisha kuufanya tangu Novemba, wakachekwa, wakausahihisha. Jhonslin, mtani wa darasa, akamnong'oneza jirani yake, "Huu tumeshaula." Wideline akamfinya.

Madamu alianza vizuri. Mteremko, tatu x mraba toa saba. Ukiwa sifuri, x mraba ni theluthi saba. Akageuka: "Basi pale panapogeuka, x kwa kipeo cha tatu ni theluthi saba za x. Tukitoa x saba, tukajumlisha saba, inabaki nini?"

"Saba, toa theluthi kumi na nne za x!" darasa likajibu.

"Hasa. Na kwenye bonde, x ni..." Mkono ukasimama. Nikauona mkono ule ukisimama hewani. "X ni moja nukta tano."

Akaendelea kuandika. Theluthi kumi na nne mara moja nukta tano ni saba. Saba toa saba, sifuri. "Bonde limekaa kwenye mstari wenyewe. Mizizi miwili." Akapiga mstari chini yake, akapangusa vidole.

Hakuna aliyepiga kelele. Nikamwona Jhonslin, yule asiyenyamaza hata kanisani, ameinamisha kichwa anaandika "miwili" kama alivyoambiwa. Wote waliandika. Wideline kalamu yake haikusogea, machozi yanadondoka mezani.

Bwana Philogène akasimama, akapiga makofi kidogo. "Somo safi kabisa, Madamu. Sina neno. Utabaki nao mpaka Julai."

Kwisha, kapita! Watoto wameshampitisha, mkuu hajui kitu, na mimi juu ya kiti changu nilikuwa tayari kufa na siri ile.

Lakini Madamu hakumtazama mkuu. Alikuwa anatazama darasa. Ule ukimya ndio uliomshtua. Miaka yote ile hakuna hata mara moja alimaliza kitu ubaoni watoto wakainama hivyo.

"Mbona mmeinama?" akauliza. "Jhonslin. Leo mdomo umeuacha nyumbani?"

"Hapana, Madamu."

"Basi?"

Akageuka ubaoni, akaanza kusoma mstari kwa mstari kwa kidole, kama mtu anayetafuta funguo gizani. Hakuona. Alisoma mara ya pili, hakuona pia. Akasema polepole, bila kugeuka, "Wideline. Ishara?"

Alimwita kwa jina lake mwenyewe. Wideline akasimama, pua inatiririka. "Hasi, Madamu."

"Njoo uonyeshe."

Wideline akaja mbele, akafuta ile moja nukta tano kwa kiganja. "Tusikate desimali. Tunauliza tu, theluthi kumi na nne za kipeuo hiki zinazidi saba au hazizidi? Zote chanya, basi tuzipige mraba. Huku arobaini na tisa. Huku elfu moja mia tatu sabini na mbili, gawa kwa ishirini na saba." Akafuta kamasi kwa mkono wa sare. "Arobaini na tisa mara ishirini na saba ni elfu moja mia tatu ishirini na tatu. Ndogo. Basi tunachotoa kinazidi saba. Bonde liko chini. Kilele ni saba jumlisha kitu, kiko juu. Mizizi mitatu."

Madamu alizipitia namba zile moja moja. "Mtego wangu mwenyewe," akasema. Halafu hasira ikampanda, ile hasira yake ya siku zote, na nilishukuru kuisikia. "Na nyie wote mlijua! Mmeninyamazia! Nimewafundisha hivyo mimi?"

"Madamu, tulitaka ubaki," Jhonslin akasema.

"Najua mlichotaka." Akakaa kwenye kiti chake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akifundisha. "Usininyamazie tena, Wideline. Wewe hasa. Hata nikiwa sijui tena kwamba nimekosea. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, Madamu."

Akavaa kofia. "Bwana Philogène, umenipitisha kwa kosa," akasema, kisha akainua kichwa moja kwa moja kwenye ule ukuta. "Na wewe Anel, shuka kwenye kiti kabla hujavunjika shingo. Njoo uchukue chaki." Nikashuka. Nililia pale pale, mbele ya wanafunzi wangu, na aliyetaka kucheka na acheke.

Julai walifaulu. Si wote, ila Wideline alifaulu, na siku majina yalipotoka aliniomba nimsindikize kwa Madamu. Tulimkuta kibarazani, dada yake anamlisha supu ya maboga kwa kijiko. Alitusalimia vizuri sana, kama wageni.

Wideline akachuchumaa mbele yake. Akachukua kijiti, akachora kwenye vumbi mstari mmoja, na juu yake ule mchoro: kilele kirefu kushoto, bonde lililozama kidogo chini ya mstari kulia. "Madamu, mizizi mingapi?"

Madamu akainama, akatazama kwa adabu. "Mmoja," akasema.

Dada yake akatutolea macho, kama kusema mwacheni jamani. Mimi mwenyewe nilikuwa tayari kusema ndiyo, mmoja, vizuri sana. Wideline akatikisa kichwa. Sauti aliitoa yote, kama ile iliyokuwa ikipasua ukuta wangu. "Hapana, Madamu. Ishara?"

Madamu alishtuka, akamtazama usoni, akatabasamu. "Huyu anajua kitu," akamwambia dada yake. "Nani kakufundisha, binti?"

"Wewe, Madamu."

"Mimi?" Alicheka, akamgusa shavu kwa mkono ule wa kushoto. "Usinidanganye."

"Sikudanganyi," Wideline akasema, akafuta vumbi kwa kiganja, akaanza kumchorea upya.