Cheti cha Baba na Nafasi ya Kazimili

Baba yangu alinuka dizeli hata Jumapili kanisani. Mama alimsugua kwa sabuni ya kufulia na jiwe, wapi. Siku hizi gari likikohoa barabarani karibu nami ninasimama na kuvuta pumzi, na watu wananitazama kama nimerukwa na akili. Waache wanitazame.

Mayunga, ndilo jina lake. Msukuma kutoka upande wa Maswa, aliyefuata ardhi hadi kijiji cha Nyabusozi, akaoa Msubi wa huko huko, mama yangu Genoveva, na akapata kibarua katika karakana ya magari mjini Biharamulo. Kazi yake ilikuwa kumsaidia fundi mmoja, Kazimili. Walikuwa marafiki wa kutaniana. Kazimili akiomba spana, baba anampa nyundo. Baba akiomba maji, Kazimili anampa oili. Jioni wanarudi kijijini kwa baiskeli moja, wakigombana nani akanyage.

Vita vya Kagera vilipoanza, malori yalichukuliwa kupeleka askari, na Kazimili, aliyekuwa mgambo, akaondoka na lori mojawapo. Baba akabaki na magari mabovu na kitabu cha ufundi chenye picha. Alifunga na kufungua mpaka akajua. Vita vilipokwisha bila Kazimili kurudi, alikwenda Mwanza kufanya majaribio ya ufundi wa magari, akafaulu daraja la tatu. Cheti alikileta kifuani, ndani ya mfuko wa nailoni. Mama akakilaza katikati ya Biblia, akatukataza kuisoma.

Ndipo zikaja habari za kufunga mikanda. Serikali ilikuwa imetoboka mifuko kwa vita, na vibarua wangepunguzwa kabla ya mwaka wa fedha kwisha, mwezi wa sita. Baba akipunguzwa, tungerudi Maswa kwa babu. Mimi Maswa sikuijua, wala sikuitaka. Nilitaka Nyabusozi yangu, na migomba ya mama.

"Chukua cheti uende kwa Idefonsi," mama alimwambia. Idefonsi, Mhangaza wa Ngara, alikuwa mkuu wa karakana. "Mwambie umekuwa fundi, akuandike fundi."

Baba akashtuka kana kwamba ametumwa kuvua nguo sokoni. Kwao mtu hajiombei jambo kubwa. Ukitaka mke, anasema mshenga. Ukitaka ng'ombe wa kulisha, anasema jirani. Kujisifu mbele ya mkubwa ni utovu wa adabu. Kwa hiyo alimtuma Mzee Nshoma, jirani yetu mwenye maneno matamu, na cheti, na jogoo mwekundu wa heshima.

Mzee Nshoma alirudi na cheti. Na jogoo.

"Amekasirika," alisema akimfungua yule jogoo miguu. "Ameniuliza, 'Mzee, unataka nifungwe kwa rushwa?' Nikamwambia hii si rushwa, ni adabu. Akasema, 'Kwani Mayunga ni bubu? Kama ni fundi, aje aseme mwenyewe alichotengeneza.'"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Usiku ule alizunguka uwanjani akinong'ona majina ya magari, nami nilidhani anasali.

Yaliyotokea ofisini kesho yake baba alitusimulia mara nyingi miaka ya baadaye, akimwigiza Idefonsi mpaka miwani.

"Shikamoo, Bwana Mkuu."

"Marahaba. Leo umekuja bila kuku?"

"Nimekuja na mdomo."

Idefonsi alikisoma cheti, akakigeuza nyuma, akakirudisha mezani. "Hiki kinaniambia unaweza. Mkoani wataniuliza umefanya nini. Niambie."

Baba alijifuta mikono kwenye suruali. Kisha akaanza na lori la pamba lililokuwa limekufa injini na sasa linakwenda Nyakanazi kila wiki. Halafu gari la wagonjwa, breki zake. Halafu trekta la kijiji cha Nemba. Alipoanza hakuweza kunyamaza. Idefonsi aliandika mpaka wino ukamwishia, akaomba kalamu nyingine.

"Basi," alisema. "Andika barua, pitishia kwangu. Cheti chenyewe usikiachie mtu. Kipigishe chapa nakala, hakimu aigonge muhuri kwamba ni sahihi, uiambatanishe. Nami nitaandika maoni yangu, na haya yote uliyoyataja. Lakini sikiliza, Mayunga. Cheti hakizai nafasi. Karakana hii ina nafasi moja ya fundi, na ni ya Kazimili. Ya pili mwaka huu hawatatoa, najua."

"Sasa nifanyeje?"

"Mwaka mzima vita vimekwisha. Hajaandika, hajaonekana. Wewe ulikuwa rafiki yake. Andika kwamba unaamini hatarudi. Nitaomba nafasi itangazwe wazi, na kwa cheti hiki hakuna atakayekushinda."

Baba alikikunja cheti. "Kazimili yuko Uganda na wenzake wengi ambao hawajarudi. Siwezi kumzika kwa kalamu."

Akarudi nyumbani. Mama, mwanamke niliyempenda kuliko wote, siku ile alimwita mpumbavu mbele yetu. Na mimi nilikuwa upande wa mama. Nilimchukia Kazimili kwa kutokurudi na kutokufa. Mtoto ana ukatili wake.

Mwezi wa tano ukaisha. Mama akaanza kufunga vyungu.

Leonsia, mke wa Kazimili, alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani. Yeye alizaliwa Ngara. Kila asubuhi watu walimpitia: "Kazimili hajambo huko?" Naye akajibu: "Hajambo, tunamngoja." Baba alipalilia shamba lake kila Jumamosi, wala hakumwambia neno la karakana. Lakini kijijini neno halina mlango, lilimfikia.

Alikuja jioni, tukiwa tunamenya mihogo. Hakukaa.

"Shemeji, nasikia unahama kwa ajili ya mume wangu."

"Nani kasema? Nimemkumbuka baba yangu tu," baba akajibu.

"Usihame." Alishika nguzo ya nyumba. "Askari wawili walikuja kwangu baada ya Pasaka. Waliniambia amezikwa kule kule. Sikusema. Nikisema, atakuwa amekufa kweli. Watu wakiniuliza hajambo, nami nikijibu hajambo, nilikuwa napata nguvu za kwenda kisimani."

Mama aliangusha kisu. Baba alisimama, akakaa, akasimama tena, kisha akalia kwa sauti kama wanawake wa kwetu wanavyolia. Sikuwahi kumwona akilia kabla, wala sikumwona tena.

"Kesho tutakwenda wote kwa Idefonsi," Leonsia alisema. "Nitamwambia mwenyewe. Asije mgeni akashika spana za Kazimili."

Walikwenda, na kijijini hatukusema neno. Idefonsi alithibitisha habari jeshini, nafasi ikatangazwa wazi, na barua ya baba ikapanda mkoani na nakala yake yenye muhuri. Mwezi wa saba akaandikwa fundi daraja la tatu, mtumishi wa kudumu, na mshahara ukapanda. Mama akafungua vyungu.

Habari zilipofika kijijini, watu walianza kumiminika kwetu. Wanawake walipiga vigelegele tangu njiani. Baba aliwasubiri kwenye njia, mikono yake bado myeusi.

"Hongera, fundi!"

"Asanteni. Lakini piteni kwanza kwa Leonsia. Kazimili amezikwa Uganda."

Kila aliyekuja, baba alimwambia hivyo hivyo, na vigelegele vikakatika pale pale njiani. Jioni ile kwetu hakikupikwa kitu. Mama alibeba unga wetu wote wa sherehe, tukaenda kulala matanga chini kwa Leonsia, kijiji kizima, tukaanza kumlilia Kazimili.