Shubiri Tatu za Kaniki

Marehemu Mzee Buanali alikuwa fundi cherehani, na aliyemzoea alijua kwamba mzee yule hapimi kwa macho. Akipita penye mlango mpya wa jirani, mkono wake ulijifungua wenyewe, kidole gumba huku na kidole cha mwisho kule, kama anataka kuupima. Alishona kanzu, sare za shule, mashuka ya maharusi na sanda za maiti, hapa hapa Mocímboa da Praia, mpaka macho yalipokataa kuona tundu la sindano. Hakuwa tajiri wala shehe, na hakuwahi kugombana na mtu hadi watu wakajaa. Lakini aliacha kitu ambacho wengi hawakuacha: daftari la kurasa arobaini, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, habari za safari yake ya kwenda Tanzania wakati wa vita vya Mreno.

Daftari hilo lilikuwa na Zubeida, mke wa mjukuu wake. Mwaka ule wa 2020, mji uliposhambuliwa nao wakaukimbia kwa miguu, Mzee ana miaka themanini, alimkabidhi njiani. "Lishike, mwanangu. Wewe una mgongo, mimi nina fimbo tu." Zubeida akalifunga tumboni, pamoja na kadi ya chanjo ya mtoto wake wa kwanza. Siku ya tatu maji yalibaki chupa moja. Kila walipompa Mzee, aliisukuma chupa kwa Zubeida. "Anayenyonyesha hunywa kwanza. Ndiyo sheria ya njia." Zubeida alikunywa huku akilia. Alidhani ni huruma ya uzee.

Walirudi, wakaezeka upya, na Mzee akafia nyumbani kwake kama alivyoomba. Mwaka ulipokaribia kutimia, mkwewe Zubeida, Ussene, aliye mtoto pekee wa marehemu, alitaka siku ya hitima watu wasomewe maisha ya baba yake. "Wewe umefika darasa la sétima, la saba, na chuo cha Kurani ulihitimu. Soma daftari, utuandikie vizuri. Sitaki porojo."

Katika nyumba hiyo hiyo palikuwa na jambo la pili. Latifo, mtoto wa mwisho wa Ussene, alitaka kumwoa Laila, na Laila alimtaka. Ussene alikataa, kwa sababu Laila ni mjukuu wa Bi Zainabo.

"Nyumba ile, hapana," alisema. "Nilipokuwa kijana nilipeleka posa kwa binti yake, Fátima, mama yake huyo Laila. Bibi yule alitoka mwenyewe mlangoni, akawaambia wazee wangu, 'Rudini, haiwezekani.' Hakutoa sababu, hata maji hawakupewa. Baba alikuwa safarini Lindi. Aliporudi nikamweleza, nikidhani atanitetea. Unajua alisema nini? 'Mshukuru aliyekukataa.' Baba yangu mzazi! Basi mimi nimeshukuru, imetosha. Mtoto wangu hatasimama penye mlango ule."

Latifo alikwenda kukaa karibu na shemeji yake, aliyekuwa ananyonyesha kachanga kake ka miezi mitano, kalikopewa jina la Mzee.

"Shemeji, ukimaliza ya babu uniandikie na yangu. Ni fupi. Alizaliwa, akapenda, akakataliwa, akafa."

"Nenda kakate kuni, marehemu," Zubeida akamjibu.

Alasiri, mtoto akilala, ndipo aliposoma. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wazi kama uso wa mtu: "Mimi Buanali bin Amido bin Jamaldine. Babu yangu alitoka Ibo na sindano yake, akaoa hapa. Baba yangu alishona matanga. Mimi nashona nguo." Zubeida akayaandika hayo kama yalivyo. Mzee alikuwa na desturi nzuri. Alichokiona aliandika "nimeona", na alichoambiwa aliandika "nimesikia", basi Zubeida naye alizitenga habari vivyo hivyo, asije akamfanya shahidi wa jambo ambalo hakulishuhudia. Siku zilihesabiwa moja moja. Waliondoka kijijini Diaca mwezi wa Shaabani, mwaka 1386 wa Hijra. Akamuuliza mwalimu wa chuo, akaambiwa huo ni mwisho wa 1966. Ikalingana, kwa kuwa Ussene amezaliwa mwaka huo, na daftari linasema: "Ussene ana miezi minne. Mama yake tulimzika Diaca siku mbili kabla ya safari."

Njia nzima imo. Walipolala, walipokosa maji, ambapo Mzee alijitwika kichwa cha cherehani mpaka shingo ikavimba. Siku kumi na moja hadi kuvuka Ruvuma. Zubeida alimpenda mzee yule upya, kijana wa miaka ishirini na sita, mjane, mtoto kifuani na chuma kichwani.

Kisha mtoto wake akaamka akilia, akampa ziwa, na kalamu ikasimama.

Miezi minne. Siku kumi na moja. Alinyonya nini?

Akarudi mwanzo wa daftari. Aliwahi kutembea na mtoto njaani. Alijua uji wa unga mbichi unavyomfanya mtoto wa miezi minne, na alijua kwamba pasipo ziwa kilio kinakuwa chembamba siku ya pili, na siku ya nne hakisikiki. Lakini Mzee aliandika, siku ya nne: "Tumesimama mara tatu kwa ajili ya mtoto. Akashiba, tukaenda." Akashiba!

Sasa akasoma kama anayefumua mshono. "Tuliondoka roho nane." Akahesabu majina: Buanali, Ussene, na wanaume wanne. Sita. Wawili hawana majina. Siku ya sita palikuwa na mistari miwili tu: "Tumezika. Kaniki, shubiri tatu, uzi mweusi. Tukaendelea." Na mtoni: "Mtumbwi uliingia roho saba." Majina yale sita yote yanatajwa tena huko Mtwara. Basi aliyezikwa ni mmoja wa wale wawili, na wa pili alivuka.

Zubeida akafungua kiganja juu ya mkeka, kidole gumba na cha mwisho, kuipima sanda ile ya kitambaa cheusi. Moja, mbili, tatu. Akamtazama mwanawe aliyelala. Kipimo kilimtosha kuanzia utosini hadi nyayo, na pa kukunja pakabaki.

Alipekua kurasa zote arobaini. Hamna jina la mwanamke hata mmoja. Si mama yake Mzee, si mkewe. Ndipo alipokwenda kwa Ussene, mtoto mgongoni.

"Baba, daftari limemwacha mtu."

"Lisilokuwemo halikuwepo. Baba aliandika hata idadi ya vifungo."

"Ndiyo maana nauliza, baba. Aliyehesabu vifungo hasahau mtu. Na hakuficha idadi, kaandika nane. Kaficha majina tu. Kulikuwa na mwanamke mwenye mtoto mchanga, mtoto akafa, na wewe ukaishi."

Ussene akanyoosha mikono. Akamchukua mjukuu wake, ambaye yeye humwita "baba" kwa kuwa ana jina la Mzee. "Baba," akakaambia kale katoto, "ungesema mapema." Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Ni nani huyo?"

"Sijui. Daftari haliniambii, na mimi siwezi kuandika nisilolijua. Ila lipo neno la Mzee lisiloandikwa, ulilonipa wewe mwenyewe. Mshukuru aliyekukataa. Niruhusu niende nikamwulize huyo aliyekukataa."

Ussene hakusema nenda, wala hakusema usiende. Alianza kumwimbia mtoto.

Bi Zainabo alikuwa barazani akichagua mchele, bibi mkavu wa miaka sabini na minane, miwani imefungwa kwa uzi. "Karibu, mwanangu. Kama umetumwa kuleta matusi ya Ussene, yaweke pale, nitayasoma baadaye."

Zubeida alikaa. Hakuuliza. Alisoma tu, toka daftarini, siku ya sita. Alipofika kwenye shubiri tatu, mchele ukasimama.

"Aliandika na uzi?"

"Mweusi, bibi."

"Hatukuwa na mweupe." Bi Zainabo akavua miwani. "Alishona taratibu, kama anamshonea mtoto wa sultani. Wenzake wanamwambia harakisha, ndege zitakuja. Akasema, huyu hatashonewa nguo nyingine. Alikuwa mtoto wangu wa kwanza, wa kike. Homa. Ussene nilikuwa nikimnyonyesha tangu Diaca, wote wawili, huyu kulia, huyu kushoto. Mwenzake alipokufa akapata pande zote mbili. Siku tano za mwisho nilimchukia, mwanangu, nikampa maziwa hivyo hivyo. Halafu nikampenda. Sijui ni lini hasa."

"Na mbona hukusema?"

"Saide, mume wangu, alikuwa kabaki vitani. Mtu wa wivu. Ajue mkewe katembea porini na mjane siku kumi na moja? Nikamwambia nilikwenda na shangazi. Buanali akasema, 'Jina la mke wa mtu halikai katika daftari langu,' na kweli halikukaa. Miaka hamsini na kitu tulipishana sokoni, salamu tu. Kanzu za Saide alizishona yeye, na Saide akimsifia." Akacheka kidogo. "Kisha siku moja nakuta wazee mlangoni, Ussene anamposa Fátima. Dada yake wa ziwa! Ningesema nini? Nikasema haiwezekani. Na haikuwezekana."

Zubeida akalifunga daftari. Aliona sasa anakaribia kuivunja harusi kwa kalamu yake mwenyewe. "Na Laila na Latifo, bibi?"

"Wewe umesoma, hujui? Ussene ni mwanangu, Fátima ni mwanangu, hao hawaoani. Watoto wao ni binamu. Wamwulize mwalimu kama hawaniamini. Ungedhani ningekaa hapa nachagua mchele wa posa kama ni haramu?"

Mwalimu aliulizwa, naye akataka kujua yalikuwa manyonyesho mangapi, na kama mtoto alikuwa hajatimiza miaka miwili. Matano ya kushiba yanatosha kufunga undugu, akasema. Bi Zainabo akamjibu kwamba baada ya usiku wa kwanza aliacha kuhesabu. Mwalimu akasema ndoa ya wajukuu ni halali.

Siku ya pili asubuhi, Zubeida akiisha kumweleza yote, Ussene alifika mwenyewe penye mlango ule. Alisimama nje, kofia mkononi, mtu wa miaka karibu sitini.

"Ingia," akasema Bi Zainabo. "Au unangoja nitoke nikufukuze tena?"

Ussene akaingia, akapiga magoti, akaushika mkono wake. Mwanamume hamshiki hivyo mwanamke asiye ndugu yake, na Fátima aliyekuwa jikoni alitoka na mwiko, akabaki ameduwaa.

"Mama," Ussene akasema.

"Ulikuwa unavuta kama pampu," akamwambia. "Umepunguza?"

Posa ikapelekwa wiki ile ile, na safari hii wazee walipewa maji, na chai, na vitumbua.

Zubeida alirudi kuomba ruhusa ya kuandika. "Saide amekwisha tangulia mbele ya haki," Bi Zainabo akamjibu. "Andika. Lakini Buanali usimlaumu. Alichoacha, aliacha kwa ajili yangu."

Siku ya hitima, baada ya dua, Zubeida mwenyewe aliyasoma maisha ya Mzee, upande wa wanawake, sauti ikifika nje kwa wanaume. Alisema lipi limo katika daftari na lipi limesemwa na aliye hai. Alipofika safari, akasoma: "Waliondoka roho nane. Sita aliwataja marehemu. Wawili aliwasitiri kwa heshima, nao ni Zainabo, na binti yake, Atija."

Hakuna aliyekuwa amelisikia jina hilo tangu 1966. Bi Zainabo hakulia. Alikuwa amekaa amenyoosha miguu, na kiganja chake kilifunguka pajani, kidole gumba na cha mwisho, kikasogea taratibu: moja, mbili, tatu.