Ukuta Uliojijenga Wenyewe

Patient hakujua kukataa, na udhaifu huo ndio uliomfanya apendwe na kila mtu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Ukimwomba akurekodie harusi, alikubali. Ukimwomba amtoe mkwe wako kwenye video ya harusi hiyo hiyo kwa sababu mmegombana, alikubali pia, huku akikuna kichwa. Alitoka Uvira, Kongo, akiwa mgongoni mwa mama yake, kompyuta akajifunzia hapo hapo kambini, na mama alipofariki alibaki na laptopu kuukuu iliyopata moto kama mbabula, jiko la makaa.

Waumini walipoanza kujenga kanisa lao, ilikuwa Agosti 2024, Patient alipata wazo. Alifunga simu ya zamani kwenye dirisha la Véronique, mshonaji ambaye karakana yake ilitazamana na kiwanja. Simu ilipiga picha moja kila dakika kumi, asubuhi hadi jioni, na kila picha ilijipa namba yake kwa kufuatana. Mwishoni angeziunga ziwe video fupi, watu waone kanisa linaota kutoka ardhini. Véronique alitishia kumkata mtu masikio kwa mkasi wa kitambaa iwapo angeigusa ile simu.

Mwashi alikuwa Audace, Munyamulenge wa milima ya Minembwe, aliyekimbia vita kama wengine wote. Alijenga bila malipo, akisema hiyo ndiyo sadaka yake. Kofia yake nyekundu ilionekana katika picha nyingi: mara ameinama, mara yuko juu ya jukwaa la mbao, mara anamfokea mtu aliyemletea udongo mwepesi. Mvua zilipoanza, kuta zilikuwa zimesimama na bati limepigwa.

Kisha ikaja Februari, na Bukavu ikaanguka mikononi mwa waasi. Mzee Bisimwa, kiongozi wa kanisa, alikuwa anaongea na dada yake huko wakati simu ilipokatika, na hakumsikia tena. Kilio kilitafuta mtu wa kumwangukia, kikampata Audace, ambaye kosa lake lilikuwa kuongea lugha inayofanana na ya wale walioingia mjini. Watu waliacha kumsalimia. Kwenye benchi aliloketi, walimwachia nafasi kubwa kuliko aliyohitaji.

Mwezi mmoja kabla ya Pasaka, siku iliyopangwa kwa ufunguzi, Mzee Bisimwa alimfuata Patient nyumbani.

“Mwana wangu, ile vidéo. Bantu bakimuona ule muntu, batafanya fujo ndani ya kanisa. Umutoshe mule ndani.”

“Lakini Mzee, yeye njo alijenga.”

“Mi sisemi hakujenga. Nasema asionekane.”

Macho ya mzee yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Patient alimwonea huruma, na kwa kuwa huruma ilikuwa rahisi kuliko ubishi, akasema ndiyo.

Alizipitia picha na kufuta kila iliyokuwa na kofia nyekundu. Akaiamuru programu iziunge zilizobaki, picha ishirini na nne kwa kila sekunde. Video ikatoka, lakini ukuta ulifika magotini na mambo yakaishia hapo. Programu haikulalamika. Ilikuwa imehesabu namba moja baada ya nyingine, ikakuta pengo kubwa alipokuwa Audace, ikadhani picha zimekwisha.

Hapo angeweza kuacha. Badala yake alizipa picha namba upya, moja, mbili, tatu, mapengo yote yakazibwa. Alipozipunguza zilingane na upana wa ukuta wa kuonyeshea, programu iligoma kwa sababu kimo kilitoka namba isiyogawanyika kwa mbili; akaiachia itafute yenyewe kimo shufwa kilicho karibu. Mara hii kanisa lilipanda hadi paa. Ukuta uliruka hapa na pale, lakini nani angejua? Akaona haya, akafunga laptopu.

Siku ya ufunguzi Audace alikuja na watoto wake wawili, akawaketisha mbele kabisa. Louise, mkubwa, alikuwa amewatangazia wenzake kwamba leo watamwona papa yake kwenye vidéo. Taa zikazimwa. Watu wakashangilia, matofali yakapandana, vijana waliobeba maji wakapita kama siafu, na kofia nyekundu haikutokea hata mara moja. Patient alikuwa nyuma, karibu na projekta, akitamani umeme ukatike. Siku hiyo umeme wa Malawi, unaokatika hata mtu akipiga chafya, haukukatika.

Video ilipokwisha, Louise akauliza kwa sauti, “Papa iko wapi?”

Audace akawashika watoto mikono, akaja nao hadi kwenye projekta. Alikuwa anatabasamu.

“Ndugu yangu Patient, umefanya kazi muzuri. Lakini inakimbia sana, mi nimepita mbio, batoto habakuniona. Hauwezi kuitembeza polepole?”

“Ni mbio, kaka,” Patient akasema. “Njo mbio. Nitaipunguza.”

Usiku huo aliipunguza kweli, picha nane kwa sekunde, kasi akiiandika kabla ya kutaja picha, maana ukiiandika baadaye programu huzisoma kwa kasi yake ya kawaida na kuzitupa nyingine. Akatazama. Ukuta ulijijenga wenyewe taratibu, na kwa utaratibu huo uongo ulionekana vizuri zaidi. Alijichukia. Alijiambia kwamba wasiomjua Audace walimhukumu kwa lugha yake, lakini yeye aliyemjua alimfuta kwa mkono wake.

Tumaini moja lilibaki. Memori kadi ya ile simu, yenye picha zote za awali, alikuwa amemwazima Esperance, mpiga picha wa Chinsapo, huko Lilongwe. Asubuhi alipanda kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, kisha minibasi kupitia Lumbadzi, akiomba Mungu njia nzima.

Esperance alimcheka. “Kadi? Nilisha ifuta zamani. Nimejaza picha za harusi tatu mule, na communion moja. We haukuchunga copie?”

Hakuchunga nakala. Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia kwenye duka la picha la Chinsapo.

Alirudi Dzaleka jioni, akamkuta Audace nyuma ya nyumba akinawa udongo mikononi. Safari hii alisema yote bila kupunguza: Mzee Bisimwa, picha alizofuta, namba alizobadilisha, kadi iliyofutwa. Hakumlaumu mzee kupita kiasi. Alilia, na hakuona aibu ya kulia.

Audace aliendelea kunawa.

“Nilijua,” akasema. “Mi nilijenga ule ukuta, Patient. Nilikuwa juu yake kila siku. Muntu anaweza kupita mbio mara moja, si miezi yote.”

“Sasa mbona uliniambia inakimbia?”

“Batoto balikuwa pale. Ulitaka niseme nini mbele yao? Kama papa yabo bamemutosha mule ndani?” Akakung'uta maji. “Mi na we tutaongea siku ingine, leo sina nguvu. Lakini batoto, uendelee kubaambia ni mbio.”

Patient akataka kusema hawezi. Lakini ni nani aliyemlazimisha huyu mtu aseme uongo huo, kama si yeye mwenyewe?

Louise akatokea mlangoni, mdogo wake akiwa nyuma.

“Tonton Patient! Ile vidéo ya papa ilisha kuwa polepole?”

Patient akamtazama Audace. Audace akawa anatazama ndoo.

“Bado, Louise. Kompyuta inagoma.”

Mdogo mtu akanuna, akasema labda papa hayumo kabisa. Louise akampiga kibao kidogo cha mgongo.

“Alisema atatuonyesha. Tonton Patient habongopi.”